Uchumi wa kati na kaya ya katikati

Kila Juni, asubuhi ya siku ya bajeti, Bunge la Dodoma husomewa taarifa ya Hali ya Uchumi wa Taifa. Ndani ya kurasa zote zile kuna sentensi moja ambayo kufikia jioni huwa imeshafika kila kijiwe: pato la wastani la mtu mmoja limetoka kiasi hiki na kufika kiasi kile. Mabishano yanayofuata nayo yamezoeleka. Upande mmoja unashangilia kwamba nchi imepiga hatua. Upande wa pili unashika mfuko wa suruali na kuuliza hizo fedha ziko wapi. Siku hizi kelele zimeongezeka kwa sababu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, imetupa lengo kubwa la kubishania: pato la mtu mmoja lifike dola 7,000 kwa mwaka.

Nawasikiliza wote wawili, na naona wanakosea mahali pamoja. Anayeshangilia anaamini tarakimu ile inamzungumzia Mtanzania wa kawaida na habari zake ni njema. Anayelalamika naye anaamini inamzungumzia Mtanzania huyohuyo, ila imesema uongo. Hoja yangu ni kwamba tarakimu inaweza kuwa sahihi hadi senti ya mwisho na bado isimhusu Mtanzania wa kawaida hata kidogo, kwa sababu haikutengenezwa kumhesabu yeye. Kuna tarakimu nyingine ya kumhesabu yeye. Hiyo hatuisikii bungeni, hatuibishanii vijiweni, na katika Kiswahili chetu cha kila siku haijapata hata jina lililotulia.

Lugha nayo imetuponza. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliihamisha Tanzania kutoka kundi la nchi za kipato cha chini na kuiingiza katika kundi la kipato cha kati cha chini. Pato la mtu mmoja kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mlango wa kundi hilo ulikuwa dola 1,036. Sisi tukaita “uchumi wa kati”. Mtu akisikia “kati” anamfikiria aliyesimama katikati ya mstari, huku wenye nacho wako mbele yake na wasio nacho nyuma yake. Lakini “kati” ya Benki ya Dunia ni jina la kundi la nchi tu, na kipimo kilichotuingiza humo ni wastani: unachukua pato lote la taifa, unaligawa kwa idadi ya watu. Mtu wa katikati ya mstari hakuulizwa chochote. Yeye ana kipimo chake, ambacho watu wa hesabu hukiita mediani. Mimi nitakiita pato la katikati, nikiomba radhi kwa walimu wenye neno bora zaidi.

Tofauti ya vipimo hivi viwili haionekani ukiwa unatazama taifa zima. Inaonekana kijijini. Basi tuchukue kijiji cha korosho, kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba na Newala. Kijiji halisi kina mamia ya kaya. Hiki nimekitunga mwenyewe na nimekipunguza hadi kaya 11 ili hesabu yake ifanyike bila kikokotoo. Mapato nitakayoyataja nimeyapanga mimi pia, ingawa aliyekaa huko hatashangazwa nayo.

Kwanza tukubaliane pato la kaya ni nini, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza hata kabla ya kufika kwenye wastani. Tuseme mdadisi amefika kwenye kaya ya baba mmoja mwenye mikorosho ya kawaida. Msimu huu amepeleka kilo 900 ghalani, na baada ya makato ya chama cha msingi amelipwa shilingi 2,200 kwa kilo. Hiyo ni 1,980,000. Mdadisi asiyejua kazi yake ataandika hapo na kufunga daftari. Anayejua atauliza salfa ilinunuliwa kwa kiasi gani, nani alipuliza na kwa mashine ya nani, palizi ilifanywa na vibarua wangapi. Gharama hizo zikifika 480,000, korosho imebakiza 1,500,000. Kisha atauliza kuhusu muhogo na mbaazi, pamoja na ule uliopikwa nyumbani ambao haukuona soko kabisa, kwa sababu chakula ulichojilimia ni pato hata kama hakikugusa pochi. Tuseme thamani yake ni 700,000. Mama wa nyumba hiyo anauza kuku na siku nyingine anakwenda kibarua, anapata 300,000 kwa mwaka. Jumla ya pato la kaya ni 2,500,000. Kazi hiyo hufanywa kaya kwa kaya, na ndiyo maana ni ghali. Nitairudia hoja hiyo.

Kaya zote 11 zikishahesabiwa namna hiyo, tunazipanga kutoka ndogo kwenda kubwa. Mwanzo kabisa yuko bibi mjane anayeishi na mjukuu, pato lake ni milioni 1 kwa mwaka. Anafuatiwa na kaya ya kibarua yenye milioni 1.4, kisha wakulima wadogo watatu wa milioni 1.6, 1.9 na 2.2. Wa sita ni yule baba wa kilo 900, milioni 2.5. Baada yake wako wakulima wenye mikorosho mingi kidogo: milioni 2.8, 3.2 na 3.9. Wa kumi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mshahara na shamba, milioni 8.5. Wa mwisho ni mfanyabiashara mwenye duka, lori na fedha za kukopesha, milioni 37.

Jumlisha zote, unapata milioni 66. Gawa kwa 11, wastani ni milioni 6 kwa kaya. Sasa tafuta kaya yenye milioni 6. Hakuna. Iliyo karibu kwa chini ina 3.9, iliyo karibu kwa juu ina 8.5, na katikati yao hakuna anayelala. Kaya tisa kati ya 11 ziko chini ya wastani. Ukitaka pato la katikati hujumlishi wala hugawi. Unahesabu tu kutoka kila upande mpaka mikono ikutane: watano huku, watano kule, na aliyebaki ni baba wa kilo 900. Pato la katikati ni milioni 2.5. Kijiji ni kilekile na siku ni ileile, lakini kipimo kimoja kinasema 6 na kingine kinasema 2.5, na vyote viwili vimesema kweli.

Kwa nini vinaachana namna hiyo? Kwa sababu pato lina sakafu lakini halina dari. Huwezi kushuka chini ya sifuri kwa muda mrefu ukaendelea kuishi, lakini kwenda juu hakuna anayekuzuia. Urefu wa watu hauko hivyo. Wapime watu wazima wote wa kijiji hicho kwa futi kamba, wastani wa urefu na urefu wa mtu wa katikati vitakaribiana sana, maana hakuna anayemzidi mwenzake mara kumi. Mfanyabiashara wetu anamzidi baba wa kilo 900 karibu mara 15. Kama fedha ingekuwa urefu, na baba yule ana mita 1.65, mfanyabiashara angesimama na mita 24, juu ya mnazi. Mtu mmoja wa namna hiyo akiingia kwenye foleni, wastani wa foleni nzima unamfuata yeye. Mtu wa katikati habadiliki: aliyempita mwenzake amempita, iwe kwa shilingi moja au kwa milioni 30.

Haya yangekuwa mazoezi ya darasani tu kama wastani ungebaki kwenye karatasi. Lakini hutumika kupanga michango. Miaka kadhaa nyuma nilikaa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji kimoja, jambo likiwa kisima kirefu. Mtoa hoja alikuwa na karatasi yake, na kila baada ya sentensi mbili alitaja kwamba “kwa wastani kaya zinaweza”. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, aliomba nafasi: “Mwenyekiti, huyo Wastani anakaa kitongoji gani? Maana mimi nimezaliwa hapa na simjui.” Watu walicheka, mtoa hoja naye akacheka, kisha akaendelea na karatasi yake kama kawaida.

Swali la bibi lilikuwa la kitaalamu kuliko karatasi ile. Hebu tulijibu kwa kijiji chetu. Tuseme kisima ni milioni 6.6. Milioni 66 ndilo pato la kijiji kizima, kwa hiyo kisima ni asilimia 10 ya pato la mwaka mmoja. Kizito, lakini kijiji kinakimudu. Gawa kwa kaya 11, kila kaya inatakiwa kutoa 600,000, na laki sita ni asilimia 10 ya wastani wa milioni 6. Kwenye karatasi hesabu imekaa sawa kabisa. Sasa ipeleke nyumba kwa nyumba. Kwa baba wa kilo 900, laki sita ni asilimia 24 ya pato la mwaka. Kwa bibi mjane ni asilimia 60. Kwa mfanyabiashara haifiki hata asilimia 2. Miezi mitatu baadaye michango imekusanywa nusu, mtendaji anaandika kwamba “mwamko wa wananchi ni mdogo”, na mgambo wanaanza kuzunguka na orodha. Mwamko hauna kosa hapo. Kosa lilikuwa kutumia wastani kujibu swali la “kila mmoja atoe ngapi”, wakati wastani unajibu “kijiji kizima kina ngapi”.

Hapo ndipo ninapoachana na wenzangu wanaosema wastani utupwe. Tuwape watetezi wake haki yao, maana wana hoja nzito. Wastani ndiyo tarakimu pekee kati ya hizi mbili inayoweza kurudishwa kuwa jumla. Milioni 6 mara kaya 11 ni 66, na unajua kijiji kinaweza kubeba kisima au hakiwezi. Fanya hivyo kwa pato la katikati: milioni 2.5 mara 11 ni milioni 27.5, na hiyo si jumla ya kitu chochote. Halmashauri inayotaka kujua uwezo wa eneo lake, au serikali inayopima kama deni la taifa linabebeka, inahitaji jumla, kwa hiyo inahitaji wastani. Vilevile wastani wa vijiji viwili unaweza kuunganishwa ukijua idadi ya kaya zao. Pato la katikati haliunganiki. Ukinipa la kijiji hiki na la kijiji cha jirani sitaweza kukuambia la vijiji vyote viwili mpaka nirudi kwenye madaftari na kuzipanga kaya zote upya kwenye mstari mmoja.

Kuna hoja ya pili, na hii ni ya gharama. Pato la taifa hukokotolewa kila mwaka kutokana na uzalishaji, mauzo, forodha, hesabu za makampuni na za serikali. Huhitaji kumgongea mtu mlango. Pato la katikati haliwezi kupatikana hivyo hata kidogo, kwa sababu linahitaji mstari, na mstari unahitaji kaya moja moja, salfa yake, muhogo wake na kuku wake. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi kwa Tanzania Bara, ambao ndio unaofanya kazi hiyo, ulifanyika 2000/01, ukaja 2007, kisha 2011/12, kisha 2017/18. Nusu ya mabishano yetu ya kila Juni yametokana na mapengo hayo ya miaka. Waziri anasoma tarakimu iliyopo, na iliyopo kila mwaka ni wastani.

Tena, pato la katikati lina upofu wake. Linamtazama mtu mmoja tu, aliyesimama katikati. Mapato ya kaya tano za chini yakipungua kwa nusu, bibi mjane akabaki na laki tano, baba wa kilo 900 bado ni wa sita na bado ana milioni 2.5. Kipimo hakijashtuka. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya wa mwisho mstarini asikimbilie pato la katikati. Atazame mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ambao kwa utafiti wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na waliokuwa chini yake walikuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara.

Hizo ndizo hoja za maana. Sasa kuna mbili ambazo kwangu ni dhaifu. Ya kwanza hupendwa na waliofanikiwa: kama wengine wamefika wastani na wewe hujafika, tatizo ni wewe, ongeza bidii. Mwenye kusema hivi anadhani wastani unagawa watu nusu kwa nusu, na kwamba aliye chini yake ameachwa na wengi. Kwenye kijiji chetu kaya tisa kati ya 11 ziko chini. Ni lazima tuamini kwamba wavivu ni tisa na wachapakazi ni wawili, au tukubali kwamba mstari umewekwa mahali pabaya. Tena wale tisa wakijituma na kila mmoja akaongeza laki tatu kwa mwaka, wastani nao utapanda, na wote tisa watabaki chini yake vilevile. Hoja ya pili dhaifu ni ya upande wa pili, kwamba tarakimu “zimepikwa”. Anayesema hivyo anampa mwenye tarakimu ushindi wa bure. Mwenye tarakimu atafungua vitabu, atajumlisha mbele yako, atagawa mbele yako, na jibu litatoka lilelile. Ukibaki umesimama kwenye “uongo”, mjadala umekwisha na umeshindwa, wakati ungeweza kukubali hesabu yote na kuuliza swali moja tu: na wa katikati je?

Swali hilo lina uzito zaidi tunapozungumzia kukua kwa uchumi. Turudi kijijini mwaka unaofuata. Julai imefika, mikorosho inataka salfa, na watu hawana fedha. Mfanyabiashara anazo. Anatoa mkopo, unaolipwa kwa korosho ambazo bado ziko mtini, kwa bei anayoitaja yeye na kwa kipimo chake. Ndiyo kangomba, biashara iliyopigwa marufuku na ambayo kila mtu huko anaijua ilipo. Msimu unapofunguliwa na minada kuanza, sehemu ya korosho inayoingia ghalani kwa jina lake ilitoka kwenye mashamba ya wengine, ya kijiji hiki na vya jirani. Tuseme zile kaya tisa zimepoteza laki tatu kila moja. Mwalimu hajaguswa. Mfanyabiashara, pamoja na faida ya vijiji vya jirani na kazi za lori, ametoka milioni 37 hadi 50.7.

Jumla ya kijiji sasa ni milioni 77. Wastani umetoka 6 hadi 7, yaani uchumi wa kijiji umekua kwa karibu asilimia 17, kasi ambayo taifa lolote lingeitangaza kwa matarumbeta. Pato la katikati limeshuka kutoka milioni 2.5 hadi 2.2. Bibi mjane amebaki na laki saba. Kaya moja kati ya 11 imepanda, moja imesimama, tisa zimeshuka, na taarifa inayosomwa ni ya ukuaji. Hakuna aliyepika kitu. Ndiyo maana mkulima akisikia redioni kwamba pato limekua na akajibu kwamba kwake limepungua, haipaswi kuchukuliwa kwamba mmoja wao anadanganya.

Mtu asidhani kangomba nimeileta kwa ajili ya mfano tu. Msimu wa 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo mnadani, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kubeba mzigo. Kisha ukafanyika uhakiki wa wakulima, shamba dhidi ya kilo, kuwatafuta waliofikisha mzigo mkubwa kuliko mikorosho yao inavyoweza kuzaa. Serikali ilikuwa imegundua kitu kilekile tunachokizungumza: kujua kila kilo imelipwa ngapi hakukuambii ni nani aliyelipwa.

Sasa tazama mapato ya taifa kwa jicho hilo. Dola 1,080 za mwaka 2019, kwa kubadilisha kwa kama shilingi 2,300, ni karibu milioni 2.5 kwa kila mtu, mtoto mchanga na mzee wakiwemo. Kaya ya watu wanne na nusu ingekuwa na milioni 11 hivi kwa mwaka. Utafiti wa kaya wa 2017/18 ulikuta matumizi ya wastani ya kaya ni shilingi 416,927 kwa mwezi, yaani kama milioni 5 kwa mwaka. Miaka haifanani, na matumizi si sawasawa na pato, lakini pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa na tofauti hizo. Sehemu kubwa yake ni kwamba pato la taifa lina fedha zisizopita mlangoni kwa mtu: kodi, faida ambayo kampuni imeibakiza kwa ajili ya mitambo, uchakavu wa mali. Hata hiyo milioni 5 ni wastani. Kaya ya katikati iko chini yake, kwa sababu ileile ya sakafu na dari. Kwa hiyo kati ya tarakimu ya bungeni na baba wa kilo 900 kuna ngazi mbili za kushuka, na wabishani wetu wengi hawajui hata kama ipo moja.

Pengo hilo lina chanzo kingine ambacho kinanifanya niliamini zaidi pato la katikati linapotoka kwenye utafiti. Matajiri hawapatikani nyumbani. Mdadisi anapofika kijijini kwetu, lori liko Mtwara, mwenyewe yuko Mtwara, na mlinzi getini hajui lolote. Kaya kumi zilizobaki zina jumla ya milioni 29, kwa hiyo wastani unaanguka kutoka 6 hadi 2.9 kwa sababu ya mtu mmoja kutokuwepo. Pato la katikati la kaya kumi ni nusu ya njia kati ya wa tano na wa sita, yaani milioni 2.35. Limetikisika kidogo tu. Na kama mfanyabiashara angepatikana akataja milioni 10 badala ya 37, jambo ambalo mdadisi yeyote ameshalizoea, wastani ungeharibika na pato la katikati lisingeyumba hata kwa shilingi moja.

Kwa msomaji anayetaka kujua kama tarakimu aliyosomewa inamhusu, kuna kipimo rahisi. Aombe zote mbili, kisha agawe wastani kwa pato la katikati. Jibu likiwa karibu na moja, wastani unaweza kumsemea mtu wa kawaida. Kijiji chetu kilianza na 2.4, na mwaka wa ukuaji kikafika 3.2. Uwiano huo ukipanda huku uchumi unakua, ukuaji unakwenda juu ya mstari na hauteremki.

Marekani, ambayo haina aibu kuhusu matajiri wake, hutangaza kila mwaka pato la kaya ya katikati, na ndilo linalobishaniwa magazetini huko. Sisi hatuna fedha za kugonga milango ya nchi nzima kila mwaka, nakubali. Lakini tafiti zilizokwisha kufanyika zina kaya moja moja ndani yake, zimeshapangika, na kulitoa pato la katikati ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Liwekwe kwenye ukurasa uleule wa taarifa ya Juni, hata kama ni la miaka mitatu iliyopita na limeandikwa hivyo. Na lengo la dola 7,000 lipewe mwenzake, kwa sababu kama lilivyo linaweza kufikiwa na kijiji chetu kwa malori ya mtu mmoja tu kuongezeka.

Kuhusu kisima, hesabu inayofaa nayo haina ugumu. Kaya zikichangia asilimia 10 ya pato la kila moja, bibi mjane anatoa laki moja, baba wa kilo 900 anatoa 250,000, mwalimu 850,000, mfanyabiashara milioni 3.7. Jumla ni milioni 6.6 kamili. Kinachobaki ni nani atasimama mkutanoni amsomee mfanyabiashara kiasi chake, na hilo halimo kwenye somo la takwimu.